Kwa nini "married with" hukatwa

"Nimeandika 'I am married with a teacher from Moshi' kwenye wasifu wangu wa kuongoza watalii, mhariri akaikata 'with'. Kosa liko wapi?"

Salaam ndugu. Kosa linatokana na "na" yetu, ambayo hubeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa "and", "with" na "by". Ndiyo maana anayefikiri "ameolewa na" huandika "with" au "by", ilhali mwenzi hutajwa kwa "to": "I am married to a teacher from Moshi".

Kuandika "by" kuna hatari zaidi. Niliwahi kutafsiri barua ya dada yangu nikaandika "she was married by a farmer", na msomaji akauliza kama mkulima huyo ni padre, kwa sababu hapo "by" humtaja aliyefungisha ndoa.

Kwa hiyo angalia kwanza kinachofuata. "Married with two children" ni sahihi kabisa, maana yake mtu yumo kwenye ndoa na ana watoto wawili. Watoto huchukua "with", mwenzi huchukua "to". Ukitumia kitenzi chenyewe, usiweke kiungo chochote: "He married a teacher", kama sisi tusemavyo "alimwoa mwalimu".

"Discuss" nayo hufuata njia hiyo, haihitaji "about": "We discussed the fees". "About" hurudi tu ukitumia nomino, "a discussion about the fees", na nadhani hapo ndipo wengi wetu tulipoiokota.