Meneja hajibu barua pepe yangu ndefu

"Nimemwandikia meneja aya sita kuhusu injini ya boti yetu hapa Kigoma. Leo siku ya nne, kimya. Nifupisheje?"

Ndugu, nimeisoma yote uliyobandika. Ombi lako limejificha aya ya tano, nyuma ya kisa cha fundi wa kwanza, tena ni nusu: "tunaomba utuangalizie suala hili." Aangalie nini? Hapo ndipo anaifunga akisema atairudia jioni.

Jiulize: akijibu neno moja tu, ungetaka liwe lipi? Kwako ni "ndiyo" ya shilingi 1,450,000. Basi hiyo ndiyo sentensi ya kwanza. Kiasi na siku viwe hata kwenye kichwa cha barua, maana anasomea simuni:

Kichwa: Idhini Sh 1,450,000, injini ya boti: mwisho Alhamisi saa 6 mchana

"Shikamoo mzee. Naomba uidhinishe Sh 1,450,000 za kutengeneza injini ya boti, kabla ya Alhamisi saa 6 mchana. Fundi anaondoka Ujiji Ijumaa asubuhi, na mzigo wa Kalya unasafiri Jumatatu. Ankara nimeambatisha. Ukijibu 'ndiyo' inatosha."

Ona, muda una sababu yake. "Haraka iwezekanavyo" kwa mtu mwenye barua mia ni sawa na "ukipata nafasi".

Kisa cha fundi wa kwanza kitoe kabisa, akitaka atauliza. Na lile ombi la mafuta ya mwezi ujao ulilochanganya humo liandikie barua ya peke yake, la sivyo atajibu hilo jepesi na injini ibaki pale pale.