Kufuta kwa alama: mti wako uujenge upya lini?

Kuondoa nodi yenye watoto wawili kwenye mti wa utafutaji kunachosha: unatafuta mrithi wake, unamhamisha, unarekebisha viungo. Kwa hiyo wengi wetu tunaweka alama tu kwamba nodi imefutwa na kuiacha mahali pake. Ndivyo nilivyofanya kwenye programu ya stoo ya mizigo ya mabasi hapa Kampala. Usiku mabasi yakifika kutoka Gulu na Mbarara, mti unajengwa kwa namba za mizigo, na mchana kutwa kazi ni kufuta kadiri wenyewe wanavyokuja kuchukua.

Tuseme mti una nodi 1,023, umejaa sawasawa, ngazi 10. Mizigo 512 ikichukuliwa, hai zimebaki 511, ambazo mti mpya ungezipanga kwa ngazi 9. Yaani kujenga upya kunakuokolea hatua moja tu katika kutafuta namba. Anayekwambia utafutaji umekuwa mzito kwa sababu nusu ya nodi zimekufa, mwambie apime kwanza.

Uzito uko kwenye kupitia mti mzima. Karani akitaka orodha ya mizigo iliyobaki 60, programu inapita nodi zote 1,023. Dalili ni rahisi kuiona: linganisha nodi zilizopitiwa na majibu yaliyotoka. Ndiyo maana mimi nafuata kipimo cha nusu, `jumla` ikihesabu hai na wafu:

```
if 2 * wafu >= jumla:
    jenga_upya()
```

Gharama yake? Unapita nodi 1,023 kwa mpangilio, unaokota hai 511, unaanza na ya katikati kuwa mzizi, na kila upande vivyo hivyo. Ni kama hatua 1,534; zigawe kwa ufutaji 512 uliotangulia, kila mmoja unabeba hatua 3. Ukijenga mapema zaidi, kila wafu 10 kwa mfano, kila ufutaji unabeba zaidi ya hatua 100.

Kuna jambo ambalo nusu haitibu. Mizigo ya zamani, yenye namba ndogo, huchukuliwa kwanza, hivyo wafu hurundikana kushoto. Wakiwa 400 bado hujafika nusu, lakini ukiuliza mzigo gani umekaa muda mrefu kuliko yote, unaweza kupita wafu wote 400 kabla ya kumgusa aliye hai. Hapo weka kwenye kila nodi idadi ya walio hai kuanzia yenyewe kwenda chini, ukiipunguza njiani unaposhuka kufuta. Upande wa kushoto ukiwa na sifuri, huingii kabisa, na jibu linapatikana ndani ya ngazi 10. Mzigo ukirudishwa, ondoa alama, punguza `wafu`, na uongeze idadi hizo. Usiingize nodi ya pili yenye namba ileile.

Na kama mabasi ya usiku yanakaribia na mti utajengwa vyovyote vile, nusu ikifika saa kumi na moja jioni mimi naiacha ipite.