Usichapishe hizo "sababu tatu za Lea"

"Wakuu, naandaa somo la vijana la kuchapisha, Mwanzo 29:32. Kwenye Kiebrania nimekuta neno ki mara tatu, na ki ni 'kwa sababu', kwa hiyo nina pointi tatu tayari: sababu tatu za Lea. Niko sawa?"

Hauko sawa, mkuu. Acha kwanza kalamu. Hicho kichwa cha somo nilishakitumia mimi, neno kwa neno, nikakichapa kijitabu nakala 200 kwa shilingi 2,500 kila kimoja. Piga hesabu mwenyewe. Boksi tatu bado ziko uvunguni, na mke wangu akikaanga karanga za kuuza, karatasi za kufungia hanunui.

Siku ya kukizindua kulikuwa na mzee mmoja amekaa nyuma, mstaafu, kumbe Kiebrania amekisoma miaka na miaka. Nikamaliza, watu wakapiga makofi. Yeye akanyoosha mkono taratibu: "Mwanangu, hebu turudi aya moja nyuma, ile ya 31. Tusomee." Nikasoma kwa mbwembwe: vayar Adonai ki senua Lea. "Hiyo ki ni nini?" Nikajibu, kwa sababu. "Haya, tafsiri sasa." Nikaanza: Bwana akaona kwa sababu Lea hapendwi... Akasubiri. Ukumbi mzima ukasubiri. Akaniuliza, "Akaona nini?"

Sikuwa na jibu. Pale ki ni "kwamba", hata mtoto wa darasa la tatu angesikia: Bwana akaona kwamba Lea hapendwi. Kitenzi "kuona" kinadai kitu kinachoonwa, na ki ndiyo inayokileta. Aya moja tu kabla ya aya niliyoijengea kijitabu kizima, na sikuwahi kuisoma!

Nani alinifikisha huko? Mwalimu wa kozi ya wiki sita, aliyetugawia karatasi ya fotokopi yenye safu mbili: Kiebrania kulia, Kiswahili kushoto. Ki, kwa sababu. Basi. Neno linalotokea zaidi ya mara 4,000 katika Agano la Kale amelipa maana moja, kama anayemwambia mgeni kuwa "kwa" ya Kiswahili maana yake ni moja tu. Na ada tulilipa kamili. Resh Lakishi, mwalimu wa Kiyahudi wa karne ya 3, anatajwa kwenye Talmudi akisema ki ina matumizi manne: ikiwa, isije ikawa, bali, na kwa maana. Ukihesabu utaona hata "kwamba" hakuitaja. Na hapo "wakati" bado: Mwanzo 6:1 inaanza vayehi ki, na ki ile ni "hapo" watu walipoanza kuzidi, wala si sababu ya chochote. Yule bwana wetu alitosheka na moja.

Sasa aya yako. Isome polepole: vatikra shemo Reuven, ki amera, ki raa Adonai beonyi, ki ata yeehavani ishi.

Ki ya kwanza ni nyepesi. Sentensi iliyotangulia imekamilika, "akamwita jina lake Reubeni", haidai kitu kingine. Kwa hiyo ki inaeleza kwa nini: maana alisema. Lakini angalia ni nani anayesema hapo. Ni msimulizi! Lea hajafungua mdomo. Kwa hiyo "sababu ya kwanza ya Lea" si ya Lea hata kidogo. Mimi niliiandikia kurasa sita. Sita, mkuu.

Ki ya pili imekaa mgongoni mwa amera, "alisema". Utataka kukimbilia "kwamba", kama aya ya 31. Subiri. Tazama mwisho wa beonyi na ishi: ile -i ni "langu" na "wangu", teso langu, mume wangu. Maana yake tumeshaingia kwenye maneno ya Lea mwenyewe, jinsi yalivyomtoka. Hapo ki ina njia mbili. Ama inafungua tu usemi, inafanya kazi ya alama zetu za nukuu, na kwenye Kiswahili unaweza usiiandike kabisa: alisema, "Bwana ameona teso langu." Ama ni neno la Lea mwenyewe, analifafanua jina: "Kwa kuwa Bwana ameona teso langu." Njia hii ya pili ina nguvu, kwa sababu jina linachezewa sauti: Reuven ukilikata ni reu ben, "tazameni, mwana", na yeye analijibu kwa raa beonyi. Sikiliza r na b zinavyorudi. Zote mbili zinakubalika, na ukisimama mbele ya vijana waambie hivyo hivyo. Usichague moja ukajifanya ya pili haipo.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Nilipokwisha kuaibishwa na aya ya 31 nikaruka upande wa pili, nikasema sawa, kuna "ameona", basi hii nayo ni "kwamba": Bwana ameona kwamba sasa mume wangu atanipenda. Mzee akacheka kabisa. Kitenzi raa kimeshapata chake, "teso langu", kimeshiba. Kinachobaki ni "kwa maana sasa" au "hakika sasa mume wangu atanipenda." Mimi naegemea "hakika", kwa sababu ki ata hiyo hiyo ipo Mwanzo 43:10, Yuda anapomwambia baba yake kwamba kama wasingekawia, hakika sasa wangekuwa wamekwisha kurudi mara mbili. Ila kule inafuata sharti la "kama", na hapa kwa Lea hakuna sharti, kwa hiyo sitaapa. Vyovyote iwavyo, ni mwanamke anayetumaini. Ukiiita "sababu ya tatu" umeligeuza tumaini lake kuwa hoja ya mahakamani.

Kwa hiyo kanuni ni hii moja, na niliilipia: usiitafsiri ki kabla hujarudi kwenye kitenzi kilichoitangulia na kukiuliza, umeshiba au bado una njaa? Kikiwa na njaa (akaona, akajua, akasikia), ki inakiletea chakula, ni "kwamba". Kikiwa kimeshiba, ndipo uanze kuuliza sababu au hakika. Kikiwa ni kile vayehi cha kufungulia habari, tazamia "wakati". Na kikiwa ni "kusema", tafuta kwanza -i ya "yangu" ujue uko mdomoni mwa nani.

Jaribu aya ya 33 leo usiku: ki shama Adonai ki senua anokhi. Mbili tu, na zote ziko mdomoni mwa Lea. Shama ni "amesikia". Ya pili hiyo hata usiniulize. Ya kwanza niandikie hapa unaisomaje na kwa nini, kabla hujamlipa mtu wa mashine. Ukishamlipa harudishi, nilishamwomba.