Chokoleti ya Dubai kwa meza ya Ngamiani

"Nauza visheti na kashata Ngamiani, Tanga. Wateja wananiulizia chokoleti ya Dubai. Niige, au nitaonekana nalazimisha?"

Dada, jina liache huko huko. Watu wanachopenda ni kile kitu cha ndani: nyuzi za unga zilizokaangwa, zinazolia mdomoni, ndani ya krimu ya pistachio. Nyuzi hizo ni jamaa wa tambi zetu. Chokoleti yenyewe itakutia hasara, maana huanza kuyeyuka nyuzi joto thelathini na kitu, na meza yako iko juani.

Tumia tende. Vunja tambi ndogo ndogo, zikaange kwa samli hadi ziwe kahawia, ziache zipoe kabisa. Saga korosho za kukaanga na iliki mpaka zitoe mafuta, bila tone la maji wala tui. Changanya, jaza ndani ya tende.

Jaribu tende 20 kwanza. Moja ilaze usiku kucha, asubuhi iume. Tambi zikinyamaza, unyevu umeingia; basi jaza asubuhi ya kuuza. Bango liandike "tende za tambi" tu. Atakayeikumbuka Dubai atasema mwenyewe.