BID na PRN kwenye bahasha ya dawa: shemeji yangu alizigeuza

"Wadau, nimetoka kliniki hapa Mbarara na bahasha mbili za dawa. Moja imeandikwa BID, nyingine PRN. Foleni ilikuwa ndefu nikaona haya kuuliza. Maana yake nini?"

Ni Kilatini. BID, ambayo wengine huiandika BD, ni mara mbili kwa siku. PRN ni "haja ikitokea": unameza ukiumwa, usipoumwa unaiacha.

Shemeji yangu alishikwa na malaria tukiwa Katwe, Kampala. Akarudi na Koatemu, vidonge 4 BID kwa siku 3, pamoja na parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 PRN. Siku ya pili mchana homa ikashuka. Basi Koatemu akaiweka kabatini, "nikizidiwa nitameza", na parasetamoli akaanza kuimeza asubuhi na jioni bila kukosa. Usiku ule nikahesabu vidonge vya Koatemu: vimebaki 12 kati ya 24. Nilimpigia simu muuguzi tunayefahamiana, akasema ameze 4 sasa hivi, kisha aendelee mpaka viishe.

Parasetamoli hushusha homa tu, vimelea haivigusi. Koatemu ndiyo inayoviua, na lazima ikae kwenye damu siku zote tatu. Ukiiacha katikati, vilivyosalia huzaana upya na homa hurudi.

BID kwa kawaida ni kila saa 12, tuseme saa moja asubuhi na saa moja usiku. Si asubuhi na mchana. Koatemu ina jambo lake siku ya kwanza: dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, ndipo unafuata asubuhi na jioni. Yeye alianza saa nane mchana, ya pili akameza saa nne usiku. Imeze na chakula chenye mafuta au maziwa, mwili huipokea vizuri zaidi. Ukitapika kabla ya saa moja kupita, dozi hiyo irudiwe.

PRN ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana watu huisoma "kila nikitaka". Haja inafungua mlango, lakini kipimo kipo palepale. Mtu mzima akimeza parasetamoli 2 za 500, asubiri angalau saa 4, na kwa saa 24 asizidi vidonge 8. Ukipita hapo ini linaumia, na mwanzoni huenda usihisi lolote. Angalia pia dawa zako za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake, nayo inahesabiwa.

Kwa hiyo bahasha yenye "2 PRN" peke yake haijakamilika. Irudishe dirishani uulize: ya maumivu gani, nikae saa ngapi kabla ya kurudia, na kwa siku mwisho vingapi? Waviandike palepale kwenye bahasha. Na ukiona "2x3" usibabaike, namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku.