Nimeacha kazi kwa hasira, sasa nataka kurudisha kauli

SWALI: Jumanne tarehe 4 Machi niligombana na msimamizi wangu, nikaenda moja kwa moja kwa ofisa rasilimali watu na kumpa barua ya mistari miwili: "Naacha kazi kuanzia leo." Mkataba unataka notisi ya siku 30 kwa maandishi. Leo Alhamisi sijajibiwa, na naendelea kufika kazini. Je, kifungu hicho cha notisi kinanipa haki ya kuifuta barua?

JIBU: Hapana, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Notisi ni muda wa kuagana, si muda wa kujifikiria upya. Kwa kawaida barua ya kuacha kazi ikishamfikia mwajiri, huwezi kuiondoa bila ridhaa yake. Kinachokusaidia ni kwamba uliandika papo kwa papo ukiwa na hasira. Katika nchi nyingi jambo hilo huzingatiwa, mradi mtu amerudi upesi. Siku mbili ni upesi. Wiki mbili watauliza ulikuwa wapi.

Kifungu cha notisi kitaje, lakini kwa tahadhari. Usiandike kwamba barua yako ni batili kwa sababu haikutoa notisi. Mwajiri anaweza kukusamehe notisi akakuaga leo leo, au akakudai mshahara wa siku hizo 30, nawe umeshakiri kwa mkono wako. Kitumie kuonyesha tu kwamba barua haikuandikwa na mtu aliyetulia akafungua mkataba wake. Ukihesabu kuanzia kesho yake, siku 30 zingeishia tarehe 3 Aprili.

Ningeandika hivi:

"Yah: Ombi la kutengua barua ya kuacha kazi ya tarehe 4 Machi.

Naomba kutengua barua tajwa. Niliiandika kwa hasira, muda mfupi baada ya kutofautiana na msimamizi wangu, na sikuwa na nia ya kweli ya kuacha kazi. Sikuzingatia kifungu cha notisi cha mkataba wangu, ambacho kingefanya siku yangu ya mwisho kuwa tarehe 3 Aprili. Tangu tarehe 5 Machi nimefika kazini kama kawaida. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba barua hiyo imetenguliwa na utumishi wangu unaendelea bila kukatika, kwa masharti yaleyale."

Ugomvi wenyewe usiusimulie humo. Kama una malalamiko juu ya msimamizi, yaandikie barua yake. Ukiyachanganya, ombi litasomeka kama mashtaka. Na usiseme "nilisukumwa kuondoka", maana hilo ni dai jingine kabisa, linalopingana na hilo la hasira.

Peleka leo, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakati unasubiri, usisaini fomu ya makabidhiano wala usipokee malipo ya mwisho, kwani vyote viwili vitasomwa kuwa umekubali kuondoka. Wakikataa, omba basi barua ya kwanza ichukuliwe kuwa notisi ya hadi tarehe 3 Aprili, ufanye kazi na kulipwa siku hizo.