Hataza au Hakimiliki? Niliyojifunza kwa Mashine Yangu ya Kupandia Mahindi

Mashine niliyoiunda ni ya kusukumwa kwa mkono: gurudumu moja, tangi la mbegu, na diski yenye mashimo inayodondosha punje mojamoja. Pamoja nayo nilimwagiza kijana mmoja aniandikie programu ya simu inayomwambia mkulima kiasi cha mbegu na mbolea kulingana na ukubwa wa shamba. Kwa kuwa nilidhani cheti kimoja kingetosha kwa vyote viwili, nilisajili michoro na kijitabu cha maelezo kama kazi ya hakimiliki, kisha nikaipeleka mashine kwenye maonyesho ya kilimo bila wasiwasi wowote.

Miezi minne baadaye nikaikuta mashine kama yangu ikiuzwa kwenye karakana ya jua kali. Mwanasheria niliyemwendea aliniuliza swali moja tu: je, fundi yule alinakili kijitabu changu? Hakuwa amekinakili. Alikuwa ameitazama mashine, akaipima, akaiunda yake. Hakimiliki hulinda maandishi, michoro na msimbo wa programu, yaani namna jambo lilivyoelezwa. Haizuii mtu kutumia wazo lililomo wala kazi inayofanywa na chombo. Kazi ya chombo hulindwa kwa hataza, au kwa cheti cha modeli ya matumizi, ambacho wabunifu wengi wa zana ndogo hawajapata kukisikia.

Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001, hataza hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, nayo hudai mambo matatu: uvumbuzi uwe mpya, uweze kutumika katika uzalishaji, na uwe na hatua ya kibunifu ambayo mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kwa urahisi. Modeli ya matumizi hudumu miaka 10 na haidai sharti hilo la tatu. Kwa maoni yangu, kwa jembe, kipura au mashine ya kupandia iliyoboreshwa mahali pamoja tu, hiyo ndiyo njia ya busara.

Lakini maonyesho yalikuwa yamekwisha kuuanika uvumbuzi wangu. Kilichoniokoa ni kwamba sheria ya Kenya haihesabu ufichuzi uliofanywa na mvumbuzi mwenyewe ndani ya miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi. Usiizoee huruma hiyo, kwani katika nchi nyingi za Ulaya ningekuwa nimekwisha kupoteza haki siku ile ile ya maonyesho.

Kazi ngumu ilikuwa kuandika madai, yaani sentensi zinazoweka mpaka wa kile unachokimiliki. Rasimu yangu ya kwanza ilidai "diski ya chuma yenye mashimo sita inayozungushwa na gurudumu". Ilikuwa mbovu kwa pande zote mbili. Nilipotafuta kwenye Espacenet, hifadhidata ya hataza iliyoko mtandaoni, chini ya alama `A01C 7` inayohusu upandaji wa mbegu, nilikuta diski za aina hiyo zilizotangulia zamani sana. Na hata kama zisingekuwapo, fundi angetengeneza ya plastiki yenye mashimo manane akawa nje ya mpaka wangu. Kipya kilikuwa kitu kidogo ambacho karibu nikisahau: ulimi wa mpira ulioshikwa na springi, unaolegea punje kubwa inapokwama badala ya kuivunja. Madai ya mwisho yalijengwa juu ya ulimi huo, bila kutaja chuma wala idadi ya mashimo, nikawasilisha ombi miezi kumi baada ya maonyesho.

Kuhusu programu, mambo yalikuwa mepesi zaidi. Hakimiliki huanza msimbo unapoandikwa, na kuisajili ni kujiwekea ushahidi tu. Hata hivyo, mtu mwingine akiandika msimbo wake mwenyewe unaopiga hesabu ile ile ya mbegu, sina la kumdai. Jambo nililolikazia ni mkataba: kabla ya kumlipa kijana sehemu ya mwisho ya malipo, tulitia sahihi karatasi inayosema kwamba haki zote za msimbo ni zangu, naye akanikabidhi faili zote pamoja na kumbukumbu za `git log`, ambazo zinaonyesha kila sehemu iliandikwa lini na nani.

Kuna tofauti moja zaidi ambayo niliielewa kwa kuchelewa. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne unaohusu hakimiliki, kwa hiyo programu yangu inalindwa Arusha sawa na Nakuru bila mimi kujaza fomu yoyote. Ulimi wa mpira haulindwi hivyo. Cheti cha Kenya kinaishia Namanga, na mwenye kutaka kuvuka mpaka hana budi kuomba katika nchi anayoilenga, au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika linalopokea maombi ya hataza, lililoko Harare, ndani ya miezi 12 tangu ombi la kwanza ili ahesabiwe tarehe ile ile. Mimi niliiacha miezi hiyo ipite, na leo fundi wa Arusha akiiunda mashine yangu na kuiuza huko huko, hana haja ya kuniomba ruhusa.